Nina dakika moja mbele ya wazee wa korosho Jumamosi: nisomeeni maneno yangu ya ukaribisho

KipepeoWaNewala (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni bibi shamba huku Newala, nina miaka 27, na huu ni mwaka wangu wa pili kwenye kata hii. Jumamosi nina mafunzo ya wakulima 34 wa chama chetu cha msingi. Wengi wamevuka miaka 55, na wapo wanaopuliza mikorosho tangu mama yangu akiwa msichana.

Mwezi uliopita nilifundisha kijiji cha jirani na nikaharibu mapema mno. Nilisimama nikasema hivi, nakumbuka neno kwa neno kwa sababu nilikuwa nimeandika:

"Itifaki imezingatiwa. Asalaam aleykum, Bwana asifiwe, shikamooni wazazi wangu. Nina shahada ya kilimo. Najua mimi ni mdogo, pengine ni sawa na mjukuu wenu, hivyo naomba mnivumilie. Sijaja kuwafundisha, nimekuja kujifunza kutoka kwenu. Leo tutazungumzia umuhimu wa matumizi sahihi ya viuatilifu."

Mzee mmoja mstari wa mbele akajibu kwa upole kabisa: "Kama umekuja kujifunza, basi kaa, mjukuu wangu, tukufundishe." Watu wakacheka. Nusu saa nzima baada ya hapo nilikuwa naongea na migongo ya watu. Sikulala vizuri usiku ule, maana nilichokuwa nimebeba kilikuwa kweli na kingewasaidia.

Mada ya Jumamosi ni blaiti, ugonjwa wa mikorosho. Wengi huku wanaichanganya na ubwiriunga, ugonjwa mwingine ambao dawa yake ni salfa, wanaipulizia salfa hiyo, hela inakwisha na majani yanaendelea kuungua. Naomba msaada wa dakika ya kwanza tu. Yanayofuata nayamudu.

---

Mwalimu wa Ndanda

Pole, mdogo wangu. Kosa lako ni kuitaja shahada kwa haraka ukaipita. Mimi naendesha semina za walimu wakuu, wengi wamenizidi umri kwa miaka kumi na zaidi. Nikisimama nasema nimesoma wapi, nimefundisha miaka mingapi, na barua ya mafunzo imesainiwa na nani. Wananyamaza. Mtu mzima huheshimu karatasi, hasa ikitoka juu. Taja elimu yako kwa ukamilifu, tena taratibu.

---

Salfa Yangu Iko Wapi

Bibi shamba, afadhali umejitokeza. Sisi huku Nanyumbu mpaka leo mgao wa salfa haujatufikia na mikorosho imeshaanza kutoa maua. Jina langu lilihakikiwa. Nifuatilie kwa nani? Maana kwenye chama wananiambia njoo kesho.

---

KipepeoWaNewala

Kaka, pole sana. Anza na mtendaji wa kijiji chako, muombe muangalie pamoja kwenye daftari la wakulima kama idadi ya mikorosho yako imeingia sawasawa. Mara nyingi shida iko hapo. Ikiwa imeingia, nenda na namba yako kwa afisa kilimo wa kata. Ila mimi siko wilaya yako, siwezi kuona chochote.

Mwalimu, asante. Kwa walimu nakubali. Ila hawa wangu hawana mwajiri. Barua ikitoka juu ndiyo wanazidi kuitilia shaka.

---

MzeeMikindani

Binti, nimesoma mara mbili. Nimefanya kazi ya kufundisha watu wazima tangu 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Nilikuwa na miaka 19, kiongozi wa kikundi, na kwenye kikundi changu alikuwemo mzee aliyenitahiri. Tulikuwa tunakaa kuzunguka redio, kipindi kikiisha namsomea kila mtu kijitabu kwa sauti, halafu tunajadiliana nani atachimba choo lini. Ilikuwa wiki kumi na mbili. Hakuna mzee aliyeniuliza umri wangu, na sababu ni moja: kila mtu alikuwa anajua mimi niko pale kwa jambo gani. Niko pale kusoma, kwa kuwa wengi wao walikuwa hawajui kusoma. Nilipojaribu kutoka hapo na kuanza kuwaeleza malezi ya watoto, walininyamazisha, na walikuwa na haki.

Sasa tuangalie maneno yako. "Najua mimi ni mdogo, naomba mnivumilie." Hapo umejihukumu kabla hujashtakiwa. Wapo mle ndani ambao hata hawakuwa wameufikiria umri wako, sasa wanaufikiria. "Nimekuja kujifunza kutoka kwenu." Hii si kweli, na wao wanajua si kweli, kwa sababu wewe ndiye umewaita, wewe ndiye mwenye chati ukutani. Mzee aliyekujibu hakukuvunjia heshima, alilichukua neno lako kama lilivyo. "Umuhimu wa matumizi sahihi." Mtu aliyeuza mbuzi ili anunue dawa humwelezi umuhimu wa dawa.

Unyenyekevu wako uko kwenye shikamoo. Ukishaitoa na ikaitikiwa, umemaliza. Baada ya hapo wanataka wajue mambo mawili: umeona nini shambani mwao ambacho wao hawajakiona, na utawarudishia nini kwa asubuhi yao waliyoipoteza.

---

Mvuvi wa Kilwa

Mimi si mkulima lakini hili limenikuta. Nilipewa kazi ya kuwafundisha kamati yetu ya wavuvi kuandika daftari la mapato. Wazee wa dau, nami ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha sita. Nilianza kwa kusema mimi ni mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani nahodha. Mambo yakawa mepesi kabisa, wakaniita mwanetu hadi mwisho. Kwa hiyo bibi shamba, taja ukoo wako. Na kama unajua Kimakonde, fungua nacho, hapo umewashika.

---

KipepeoWaNewala

Mimi ni Mmwera wa Nachingwea, kaka. Kimakonde changu ni cha salamu tu. Na ukoo wangu huku haujulikani.

---

BabuTandahimba

Naandika kwa simu ya mwanangu, mnisamehe mwandiko. Nina miaka 66, mikorosho yangu ni 140, semina nimekaa nyingi. Ngoja niwaambie upande wa benchi.

Ukoo unasaidia kijijini kwenu tu. Tena hata hapo inategemea baba yako aliacha deni au hakuacha. Kimakonde cha kuokota hakifai: tunaacha kusikiliza jambo, tunasikiliza ulimi. Salimia kwa maneno mawili, inatosha, tutafurahi.

Binti, umri wako si tatizo letu. Tatizo letu ni wale waliokuja kabla yako. Alikuja mmoja, mtu mzima kabisa, ana mvi, akatuambia tukate mikorosho mikongwe tupande ya kisasa, miche inakuja mwezi ujao. Tulikata. Miche haikuja msimu ule wala uliofuata. Kwa hiyo mtu mpya akisimama, kichwani tunauliza huyu naye anataka tukate nini. Wewe unadhani tunatazama sura yako changa. Tunatazama viatu vyako kama vimekanyaga shamba, na gari lililokuleta kama dereva amezima injini. Injini ikiwa inaunguruma nje, tunajua unaondoka saa sita, na swali letu halitajibiwa.

---

MzeeMikindani

Babu amesema jambo ambalo mimi lilinichukua miaka mingi kulijua. Shaka yao ina historia, na historia hiyo haimhusu binti. Kwa hiyo kujitetea kuhusu umri ni kujibu swali ambalo halijaulizwa.

Fanya hivi. Ijumaa asubuhi nenda ukatembee kwenye shamba la mtu mmoja wanayemjua wote. Kata tawi lenye ubwiriunga na tawi lenye blaiti. Jumamosi usimame nayo mkononi. Ukishika kitu kutoka shambani kwao, macho yanatoka usoni kwako yanahamia kwenye tawi, na hapo ndipo unapotaka yawe. Andika upya halafu utuletee. Soma kwa sauti ukiwa na saa. Ukisoma kwa mwendo wa kuongea na wazee, dakika moja haibebi zaidi ya maneno 110 hivi.

---

KipepeoWaNewala

Nimejaribu. Iko hivi:

"Asalaam aleykum, Bwana asifiwe. Shikamooni. Ugonjwa wa ubwiriunga ulionekana nchini mwetu mwaka 1979, na baadhi yenu mliuona ukiingia. Mavuno ya korosho yalikuwa yamefika tani 145,000 msimu wa 1973/74, lakini kufikia katikati ya miaka ya 80 yalishuka chini ya tani 20,000, kwa sababu ya ugonjwa huu, kuhamia vijijini, bei na mengineyo. Ninyi mliiokoa mikorosho hii kwa salfa. Leo kuna ugonjwa mwingine. Nina matawi mawili hapa. Naomba kila mmoja aniambie, lipi linatibika kwa salfa na lipi halitibiki?"

Saa imeniambia dakika moja na sekunde arobaini, kwa kuwa nilisoma taratibu.

---

Mwalimu wa Ndanda

Hii ni nzuri sana. Takwimu zinaonyesha umesoma. Swali la mwisho linawashirikisha. Mimi ningeiacha hivyo.

---

BabuTandahimba

Hapana mwalimu. Mwaka 1974 sisi tulihamishwa, mashamba tukayaacha porini. Mimi nilikuwa kijana wa kubeba mzigo kichwani. Binti wa miaka 27 akinihadithia hilo kwa tani, hata kama tani zake ni sahihi, nitakaa kimya lakini nitakuwa nimekwenda mbali kimawazo. Hilo ni letu. Atuachie.

---

MzeeMikindani

Naungana na Babu. Kumwonyesha mtu kwamba umesoma maisha yake kitabuni si heshima. Mwaka 1979 na tani viweke akiba, ukiulizwa utavitoa.

La pili ni zito zaidi, ni lile swali lako la mwisho. Umewapa mtihani. Watu 34, kila mmoja aseme lipi linatibika, mbele ya jirani yake na mkwewe. Atakayekosea ameaibika ndani ya dakika ya kwanza, na aibu hiyo umeileta wewe, mdogo kuliko wote mle ndani. Wengi watanyamaza ili wasikosee, halafu wewe utadhani ni wagumu. Swali la kwanza kwa watu wazima liwe ambalo mwenye kulijibu ni yeye tu na hawezi kukosea. Muulize ameona nini na lini. Usimuulize jibu ni lipi.

La tatu, tawi utalikata kwa nani? Usilete tawi gonjwa kutoka shamba la mtu bila idhini yake. Ukisema "hili nimelitoa kwa mzee fulani", umetangaza kwamba mzee fulani hapulizi.

---

KipepeoWaNewala

Hilo la idhini sikuliwaza kabisa. Nimeongea na mwenyekiti wa chama, amekubali nipite kwake kesho, tena amesema nimtaje. Shamba lake la bondeni lina yote mawili.

Swali: anitambulishe yeye au nijitambulishe mwenyewe?

---

MzeeMikindani

Yeye. Lakini mpe sentensi, tena moja: "Huyu jana nilikuwa naye shambani kwangu." Usimwachie aende mwenyewe. Mwenyekiti akiachiwa atakusifu dakika tano, msomi wetu, binti yetu mwenye akili, na kila sifa anayoitaja inaongeza mtu mmoja anayesubiri kukuona ukianguka. Ushahidi wa mwenzao kwamba mlikuwa pamoja kwenye umande unatosha.

Na ufike mapema. Wanapoingia mmojammoja, mpe kila mtu shikamoo yake mlangoni, muulize anatoka mtaa gani. Mpaka unaposimama, nusu yao wameshakuitikia marahaba. Hapo salamu ya jukwaani inakuwa fupi bila kuonekana una kiburi.

---

Chipukizi wa Lindi Mjini

Samahani kuingilia. Mimi nafundisha vikoba, wengi kinamama wa makamo. Huwa nawaambia wazi "nitawaita mama, lakini kwenye hesabu tutakuwa sawa." Wengine hukasirika. Je, nimekosea?

---

MwanaMwera

Inategemea umeisemaje, Chipukizi. Kwangu mimi hilo "tutakuwa sawa" ndilo linalowasha. Hakuna aliyeuliza kama mko sawa. Waambie tu hesabu itasomwa kwa sauti na kila mtu ataona daftari. Maana ni ileile ila haimgusi mtu.

---

KipepeoWaNewala

Nimetoka shambani. Nimelowa hadi magotini kwa umande. Haya ndiyo maneno ya mwisho, nimeyapima, sekunde 65:

"Asalaam aleykum, Bwana asifiwe. Shikamooni. Jana alfajiri mwenyekiti alinipitisha kwenye mikorosho yake ya bondeni, na kwa ruhusa yake nimekata matawi mawili. Hili maua yake yana unga mweupe kama majivu. Ni ubwiriunga. Humu mna watu walioupulizia salfa kabla sijazaliwa, kwa huu sina cha kuwaambia. Hili la pili limetoka mkorosho wa tatu kutoka pale. Majani yana madoa ya kahawia iliyokolea, kama yameunguzwa na moto. Hii ni blaiti, na salfa haiitibu hata ukimaliza mfuko mzima. Nimekuja kwa hili la pili tu. Saa tano tutakuwa shambani, na kabla ya adhuhuri kila mtu atakuwa ameyatenganisha kwa mkono wake. Naomba nianze na aliyewahi kuyaona madoa haya kwake: uliyaona mwezi gani?"

---

MzeeMikindani

Sasa umefika. Shahada haimo, umri haumo, na hakuna atakayekumbuka kuuliza.

Nina wasiwasi na maneno matatu: "sina cha kuwaambia". Unajua kwa hakika kwamba huna? Salfa ya unga kipimo chake ni gramu 250 kwa mkorosho, kila baada ya siku 14, alfajiri kukiwa na umande na upepo umetulia. Wazee wangapi wanafuata hivyo? Ukijifungia mlango huo mwanzoni, utaufunguaje mchana?

Halafu jiandae na swali la mzee mmoja, lazima aulize: wewe umepuliza mikorosho mingapi? Jibu kwa idadi ya kweli, fupi, bila kueleza, halafu urudi kwenye tawi. Hata kama ni mitatu, sema mitatu.

---

KipepeoWaNewala

Ni saba, ya bibi yangu, misimu miwili.

Hayo maneno matatu nayaacha yalivyo. Nahisi ndiyo yanayowafungua masikio.

---

BabuTandahimba

Na mimi ningeyaacha. Yanatupa chetu.

---

KipepeoWaNewala

Wakuu, nimerudi. Ni Jumapili, naandika kwa kirefu kwa kuwa mlinibeba.

Walikuja 29. Nilikuwa mlangoni tangu saa moja na nusu. Dereva wa pikipiki nilimwambia aende, arudi saa tisa, Babu. Mwenyekiti ile sentensi alikuwa ameishika vizuri kabisa tulipokuwa wawili, ila aliposimama akasema "binti yetu msomi kutoka wilayani", halafu akaendelea na michango ya ujenzi wa ghala kwa dakika kumi. Niliona mikono ikikunjwa. Nikasimama, nikayainua matawi kabla sijafungua mdomo, kisha nikatoa salamu. MzeeMikindani, ni kweli, macho yalihama.

Nilipofika kwenye "uliyaona mwezi gani" pakawa kimya. Kwangu kilikuwa kimya kirefu mno, nikatamani nijibu mwenyewe. Nilihesabu kimoyomoyo hadi tisa. Mama mmoja nyuma akasema kwake aliyaona mwezi wa pili, mvua bado zipo, kwenye majani machanga, akadhani ni jua. Jirani yake akasema si mwezi wa pili, ni wa tatu, kwa sababu walikuwa wanalima pamoja. Wakaanza kubishana, na ule ubishi ndio ulionifungulia somo. Kwa dakika kama ishirini mimi nilikuwa naandika miezi ubaoni tu.

Swali likaja, kama ulivyosema. Mzee wa kofia ya ukili: "Wewe binti, umepuliza mikorosho mingapi?" Nikajibu: "Saba, ya bibi yangu, misimu miwili. Msimu wa kwanza nilichelewa kuanza, mitatu ikakosa maua." Hilo la kuchelewa sikupanga kulisema, lilinitoka. Akaguna, akasema "mh, wa kwanza kila mtu huchelewa", akakaa. Mzee mwingine alitoka saa nne na hakurudi, na sijui kama aliudhika au alikuwa na safari yake.

Shambani walitenganisha. Tuliwapa matawi kumi bila majina, wakayaweka mafungu mawili. Mwanzo walikuwa wanaweka kila lenye jani baya upande wa ubwiriunga. Mama yule wa mwezi wa pili ndiye aliyewaonyesha: pitisha kidole, unga wa ubwiriunga unabaki kidoleni, doa la blaiti halifutiki. Mimi nilikuwa na maelezo marefu ya kingo za doa na rangi zake, lake lilikuwa bora kwa pale, nikanyamaza.

Sasa shida. Saa nane tukiwa tunamaliza, mzee wa kofia ya ukili akawaambia wenzake kwamba yeye salfa hupuliza jua likishapanda, ili isilowe, na huweka kopo mbili kwa mkorosho. Hiyo kopo ameniletea niione. Nimeipima leo kwa mizani ya duka, kopo moja likijaa ni karibu gramu 400. Maana yake ni gramu 800 kwa mti mmoja, unga ambao jua na upepo wa mchana vinaupeperusha kwa kuwa hakuna umande wa kuushikisha. Mfuko wa kilo 25 ungemtosha mikorosho 100 kwa mzunguko mmoja, yeye unamwishia kwenye 31. Nilifungua mdomo nimrekebishe, na watu wawili wakaniangalia, mmoja akasema: "Si ulisema salfa huna cha kutuambia?" Alisema bila ubaya. Nikashindwa. Nimeondoka nikiwaacha 28 wanaamini kopo mbili ni sawa, kwa sababu aliyesema ni yeye na mimi nilinyamaza.

---

MzeeMikindani

Hongera kwa asubuhi. Kile kimya uliweza kukivumilia, na wengi huvunjikia hapo.

Kwa hili la mchana sikulaumu, niliogopa hilo, lakini hata mimi sikuwa na maneno mbadala. Nadhani ungesema "kwa huu mmenitangulia", ungekuwa umewapa heshima bila kujifunga mdomo. Aliyekutangulia njiani bado anaweza kuulizwa amepita wapi.

---

BabuTandahimba

Mzee mwenzangu, mimi sikubaliani. "Mmenitangulia" kila mgeni anasema. Lile la kwanza lilikuwa na uzito kwa sababu liliumiza upande wake. Angesema la kulegea, huenda mama wa mwezi wa pili asingefungua kinywa.

Binti, usirudi kumrekebisha mbele za watu. Nenda kwake na mizani.

---

Mwalimu wa Ndanda

Mimi nimebadilika kwenye suala la shahada, angalau kwa wakulima. Ila hapa naona mnamwonea aibu mzee mmoja wakati watu 28 wanakwenda kumwaga hela. Itisha kikao kifupi, eleza kipimo, basi. Wewe ndiye mtaalamu wa kata.

---

KipepeoWaNewala

Mwalimu, nikiitisha kikao cha kusema mzee wa kofia amekosea, sitapata tena watu wa blaiti. Nisipoitisha, mzunguko wa kwanza wa salfa unaanza wiki hii na kila mmoja atapuliza anavyojua.

Nimeamua kesho alfajiri niende kwake kabla jua halijapanda, nimuombe anipe mikorosho minne. Miwili tuipulize kwa kopo zake mchana, miwili kwa gramu 250 kwenye umande, tuifunge vitambaa, turudi kuiangalia baada ya siku 14. Akikubali, mwenye kuwaambia wengine atakuwa yeye. Hizo wiki mbili ndizo zinazoniuma.

---

Mvuvi wa Kilwa

Na akikataa?

---

KipepeoWaNewala

Hapo ndipo sijajua, kaka. Mwenyekiti ana mikorosho mingine upande wa barabarani. Nitamuuliza yeye, lakini watu wanapita pale wachache.